Dakika Tatu Mwaloni: Namna ya Kuandika Katuni Inayomzuia Mtoto Asijitose Majini

Mtoto wa Darasa la Tatu anayeishi kando ya Ziwa Victoria hana namna ya kuyakwepa maji. Asubuhi hutumwa na dumu, mchana huosha vyombo na dada zake, jioni huoga huko huko, na siku dagaa wakiingia kwa wingi yumo mwaloni pamoja na wakubwa. Ndiyo maana muswada wa katuni unaoanza kwa kumwambia "Usiende ziwani" huwa umeshashindwa katika sentensi ya kwanza. Mtoto anajua kwamba aliyemtuma ni mama, na kati ya mama na katuni anamjua wa kumsikiliza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5, na karibu mmoja kati ya kila watano alikuwa na umri wa miaka 5 hadi 14, yaani umri wa kuwa darasani. Kwa watoto wa umri huo shirika hilo linashauri wafundishwe mambo matatu: kuogelea kwa kiwango cha kujiokoa, kuzijua hatari za maji, na kumwokoa mwenzao kwa njia isiyowaweka wao wenyewe hatarini.

Katika hayo matatu, katuni fupi inaweza kulibeba moja tu vizuri. Kuogelea hakujifunzwi kwa macho. Hatari za maji hutofautiana: bondeni kuna mafuriko, mashambani kuna malambo, pembeni mwa miji kuna mashimo yaliyochimbwa mchanga na kuachwa wazi. Jambo la tatu ndilo linaloweza kuonyeshwa hatua kwa hatua likaeleweka, nalo ndilo lenye uchungu wa peke yake. Tumezoea kusikia habari za watoto wawili au watatu wa nyumba moja waliokufa maji siku moja. Mmoja aliteleza, wa pili akamfuata kumwokoa, wa tatu akawafuata wote wawili. Nikiandika muswada wa usalama wa maji kwa shule za msingi, namwandikia huyo wa pili. Nataka abaki nchi kavu, na huko nchi kavu awe na kazi ya kufanya.

Mtu anayekufa maji anaonekanaje

Kabla ya kuandika neno lolote, mwandishi na mchoraji wanapaswa kukubaliana kuhusu picha moja: mtoto anayezama. Mchoraji akiachiwa mwenyewe atachora mikono inayopunga juu ya maji, povu jeupe na mdomo ulio wazi unaoita "Nisaidieni!" Sote tumeiona picha hiyo kwenye sinema, na methali yetu ya mfa maji na kutapatapa kwake inaipa nguvu. Kwa mtoto asiyejua kuogelea, mara nyingi mambo hayaendi hivyo.

Mlinzi wa ufuo wa Marekani, Francesco Pia, alichunguza filamu za watu halisi waliokuwa wakizama na kuokolewa, akaeleza alichokiona katika miaka ya 1970. Mwili husimama wima majini, kama wa mtu anayepanda ngazi isiyokuwepo. Mdomo huzama, huibuka kwa muda mfupi mno, kisha huzama tena. Muda ule wa kuibuka hutosha kuvuta pumzi tu, hautoshi kuita. Mikono haipungi hewani. Hunyooka kando na kuyakandamiza maji, kwa sababu mwili unatafuta kitu cha kuegemea. Hali hiyo huweza kudumu sekunde 20 hadi 60, kisha mtu huenda chini.

Mwandishi wa muswada anapata mambo mawili hapo. La kwanza, tukio lenyewe ni la kimya, na mtoto aliyefundishwa kusubiri kelele atasubiri mpaka mwenzake amepotea. La pili, muda wake ni mfupi kiasi cha kuingia wote ndani ya katuni ya dakika tatu bila kukatwa. Tangu mdomo wa mtoto unapozama mara ya kwanza hadi anapopata kitu cha kushika, muswada wangu unatoa sekunde 50, na mtazamaji anaziishi zote.

Muswada wenyewe

Muswada wa katuni huandikwa kwa safu mbili. Safu moja ni ya picha, nyingine ni ya sauti, ili mchoraji na msomaji wa maneno wafanye kazi kwa karatasi moja. Wahusika wetu ni pacha wa miaka 9, msichana Kulwa na mvulana Doto, majina yanayojulikana sana Usukumani na kwingineko Tanzania. Wa tatu ni babu mvuvi anayeshona nyavu zake juu kidogo ya mwalo.

Onyesho la kwanza huchukua sekunde 50. Pacha wanafika na madumu yao.

PICHA: Mwalo asubuhi. Mitumbwi imeegeshwa. Kwenye mti mmoja limening'inizwa dumu dogo lililofungwa kamba. Kulwa analigusa akipita.
SAUTI (Kulwa na Doto): Shikamoo babu!
SAUTI (Babu): Marahaba, wajukuu zangu. Mmetumwa maji? Chota hapa kwenye mawe. Msivuke lile jiwe jeupe, mbele yake pana shimo.
SAUTI (Doto): Na hili dumu la nani, babu?
SAUTI (Babu): La kila mtu. Mtu akizidiwa na maji, tunamrushia.

Onyesho hili linaonekana jepesi, lakini limebeba mengi. Mtoto ameona kwamba kuchota maji kuna mahali pake. Amesikia mtu mzima akieleza sababu ya katazo lake badala ya kukaripia tu. Zaidi ya yote, ameliona dumu na kamba kabla halijahitajika. Kifaa cha kuokolea kikitokea kwa ghafla katikati ya hatari, mtoto hukichukua kama muujiza wa katuni na hakitafuti mwaloni kwao.

Onyesho la pili lina sekunde 15, na halina hata neno moja.

PICHA: Doto anafuata ndala yake inayoelea. Anavuka jiwe jeupe. Anazama hadi mdomoni. Kamera iko sawa na uso wa maji: mstari mmoja ulionyooka, na mdomo wa Doto unapita chini yake, juu yake, chini yake. Mikono yake inakandamiza maji kando. Nyuma, Kulwa amegeuka anajaza dumu.
SAUTI: Muziki unakoma. Ndege wa mbali. Maji yanagonga mawe taratibu.

Hapa wahariri na wafadhili huwa na wasiwasi. Watataka msimulizi aingie na kusema "Tazama, Doto yuko hatarini!" Ni afadhali kukataa. Ukimya huo ndio somo lenyewe. Mtoto akishaona hatari isiyo na sauti, na akaigundua mwenyewe kabla ya Kulwa kuigundua, ataitambua siku nyingine. Uchoraji wa mstari mmoja pia unasaidia mfuko. Maji yenye mawimbi na mng'aro ni kati ya vitu vinavyokula muda mwingi wa mchoraji. Katuni ya dakika tatu kwa fremu 25 za sekunde moja ina fremu 4,500. Hata kila mchoro ukishikiliwa kwa fremu mbili, bado ni michoro 2,250. Mstari ulionyooka na mdomo unaopita chini yake unaeleza zaidi, na unachorwa kwa sehemu ndogo ya kazi hiyo.

Onyesho la tatu ndilo moyo wa muswada, na lina sekunde 35.

PICHA: Kulwa anageuka. Anaona. Mguu wake mmoja unaelekea majini, unasimama hewani, unarudi mchangani.
SAUTI (Kulwa, kwa nguvu): Babuuu! Doto anazama! Babuuu!
PICHA: Kulwa amelala kifudifudi juu ya jiwe, ananyosha fimbo. Fimbo haifiki.
SAUTI (Kulwa): Haifiki!
PICHA: Anakimbilia mtini. Anachukua dumu. Anakaza kifuniko. Anakanyaga ncha ya kamba. Anarusha.
SAUTI: Kifuniko: krik, krik. Kamba inapita hewani. Dumu: puu!
SAUTI (Kulwa): Shika dumu, Doto!

Ule mguu unaosimama hewani hauna maneno, lakini ndiyo picha ninayoipigania kuliko zote. Kulwa anatamani kumfuata pacha wake, na kila mtoto anayetazama anatamani hivyo. Muswada usijifanye hauoni. Ukimwonyesha Kulwa mtulivu asiyevutwa na chochote, mtoto atasema moyoni kwamba huyo hampendi ndugu yake. Tunamwonyesha anavutwa, kisha anachagua.

Sababu ya kutoingia inapaswa kuwa kweli na kusemwa wazi na mwalimu baada ya katuni. Mtu anayezama hukamata chochote kilicho karibu na kukikandamiza chini ili yeye apande juu. Hafanyi kwa ubaya, ni mwili unaotafuta pumzi. Hata mtu mzima anayejua kuogelea hushindwa kujinasua, sembuse mtoto wa miaka 9.

Mambo madogo ya dumu

Muswada unaosema "alirusha dumu" na kuishia hapo unamwacha mtoto na nusu ya maarifa. Kuna mambo manne ya kuonyesha, na kila moja lina sababu.

La kwanza ni kifuniko. Madumu mengi ya nyumbani yamepoteza vifuniko, yanazibwa kwa mfuko wa plastiki au hayazibwi kabisa. Dumu lililo wazi hujaa maji na kuzama. Ndiyo maana kifuniko kina mlio wake, krik, krik, ambao watoto huuiga kwa furaha hata siku nyingi baadaye.

La pili ni uzito. Dumu tupu la lita 10 ni jepesi mno, upepo wa ziwani hulipeperusha na halifiki linakotakiwa. Likiwekwa maji kidogo, kama lita moja au mbili, linapata uzito wa kurushwa. Maji hayo hayadhuru, kwa kuwa maji ndani ya maji hayaongezi mzigo. Kinachomwinua mtu ni hewa iliyobaki, na lita 8 za hewa huinua karibu kilo 8, zinazotosha kukishikilia kichwa cha mtoto juu ya maji. Katika katuni, dumu la babu linachorwa likiwa na maji kidogo chini, na mwalimu analieleza baadaye.

La tatu ni ncha ya kamba. Kwa haraka na hofu, mtu hurusha dumu pamoja na kamba yote, akabaki mikono mitupu. Kulwa anaikanyaga kwanza.

La nne ndilo wandishi wengi hulikosea. Mtoto aliye katika hali ile ya kuzama kimya hawezi kunyosha mkono kufuata kitu kilicho mbali naye, hata kama ni mita moja. Mikono yake haitii, inakandamiza maji tu. Kwa hiyo Kulwa harushi dumu mbele ya Doto. Analirusha lipite bega lake, kisha anaivuta kamba mpaka dumu linaingia chini ya ile mikono inayokandamiza. Hapo mikono inakutana na kitu cha kuegemea, mdomo unabaki juu, na akili ya Doto inarudi. Ikiwa mchoraji hakuambiwa hivyo, atamchora Doto akiogelea kulifuata dumu, na picha hiyo itakuwa uongo.

Baada ya hapo Kulwa anakaa chini, anaegemeza miguu kwenye jiwe na kuvuta polepole. Akivuta akiwa amesimama, huenda yeye ndiye akavutwa. Babu anafika akihema, anashika kamba pamoja naye, na Doto anafika mchangani akikohoa. Onyesho hili la nne ni la sekunde 40, na linaisha kwa babu kumbeba Doto kwenda zahanati. Mtoto aliyeingiwa na maji kifuani anahitaji kuangaliwa hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa shida ya kupumua inaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.

Maneno machache, yanayorudiwa

Msimulizi anayesema na watoto taratibu hutumia maneno 90 hadi 100 kwa dakika. Kwa dakika tatu mtu angedhani ana nafasi ya maneno 300. Ukiondoa ukimya, milio na vitendo, yanabaki kama 180, na muswada ukizidi hapo msomaji atakimbizana na picha.

Kwa hiyo kila neno linapimwa. Muswada wa kwanza wa aina hii mara nyingi huwa na sentensi kama hii: "Endapo mwenzako atakumbwa na tukio la kuzama, ni muhimu kuchukua tahadhari kwa kutoa taarifa kwa mtu mzima aliye karibu." Ni sentensi ya ofisini. Mtoto wa Darasa la Tatu anayejifunza Kiswahili shuleni huku nyumbani akisema Kisukuma, Kikerewe au Kijita ataipoteza kabla haijafika nusu. Sentensi hiyo yote inakuwa neno moja: "Ita!"

Hivyo onyesho la tano, sekunde 40 za mwisho, limejengwa juu ya maneno manne tu.

PICHA: Kulwa anaangalia watazamaji. Anaweka mikono mdomoni. Ananyosha fimbo. Anarusha dumu. Anapiga miguu yote miwili mchangani.
SAUTI (Kulwa): Ita! Nyosha! Rusha! Usiingie!
PICHA: Vitendo vilevile vinarudiwa. Mdomo wa Kulwa umefungwa.
SAUTI: Ngoma nne. Nafasi ya watazamaji kusema wenyewe.

Kurudia kwa namna hiyo si jambo geni kwa watoto wetu. Wanaotazama Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichoanza Tanzania mwaka 2014, wamezoea wahusika wanaowageukia na kuimba nao. Kilichoongezwa hapa ni kwamba kila neno lina kitendo chake cha mwili, kwa sababu siku ya hofu mwili hukumbuka haraka kuliko ulimi. Neno "Usiingie" lina miguu miwili inayokita mchangani, ili hata katazo liwe kitu cha kufanya.

Namna ya kujua kama muswada umefaa

Kabla ya kuchora fremu hata moja ya mwisho, picha chache za penseli hupangwa pamoja na sauti na kuonyeshwa kwa watoto kwenye simu au kompyuta. Kosa la kawaida hapo ni kuwauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima litaitikia kwa sauti moja, "Ndiyooo!" nawe hutakuwa umejua lolote.

Jaribio la kweli hufanyika uwanjani. Chora mstari wa chokaa mchangani, upande mmoja uwe ziwa. Mtoto mmoja asimame ndani ya ziwa hilo akifanya kama Doto, bila sauti. Mwingine mpe fimbo fupi, dumu na kamba, kisha mwambie tu, "Saidia." Usimwelekeze. Tazama miguu yake kwanza, kisha mdomo, kisha mikono. Akivuka mstari, onyesho la tatu halijafaa na ule mguu unaosimama hewani unahitaji muda zaidi. Akienda moja kwa moja kwenye dumu bila kuita, onyesho linampendelea dumu kuliko babu, na kelele ya Kulwa inapaswa kurudiwa mara moja zaidi. Akirusha kamba nzima, ncha ile haikuonekana vizuri, na mchoraji ailete karibu. Kila kosa la mtoto linaelekeza mahali pa kurekebisha muswada, na gharama ya kurekebisha penseli ni ndogo sana ikilinganishwa na michoro 2,250.

Zoezi hilohilo linafaa hata shule isiyo na umeme wala skrini. Mwalimu anaweza kuusoma muswada kwa sauti, wanafunzi wakaigiza, na mwishoni mwa kipindi kila mmoja akawa amerusha dumu angalau mara moja kwa mkono wake.

Yanayobaki nje ya katuni

Katuni hii haimfundishi Doto kuogelea, na mwalimu asiache wanafunzi waamini hivyo. Kuogelea kunahitaji maji, mwalimu aliyefunzwa na vipindi vingi, kama ulivyofanya mradi wa Panje kule Nungwi, Unguja, uliowafundisha hata wasichana wakiwa wamevaa mavazi ya staha yanayofunika mwili mzima.

Haifundishi pia kumhudumia mtu aliyeacha kupumua. Jambo hilo ni la watu wazima wa mwaloni, na lina dawa ya kosa moja kubwa lililozoeleka. Wengi humning'iniza aliyezama kichwa chini au kumkandamiza tumbo ili maji yatoke. Kufanya hivyo kunapoteza muda na kunaweza kumtapisha, matapishi yakaingia kwenye mapafu. Aliyezama amekosa hewa, na kinachohitajika mara moja ni kupuliziwa pumzi mdomoni na kukandamizwa kifua na mtu aliyejifunza, huku wengine wakitafuta usafiri wa hospitali. Hilo linastahili katuni yake, kwa wavuvi na akina mama wa mwaloni.

Na haifai kitu ikiwa mwaloni hakuna dumu mtini. Shule inayoonyesha katuni hii inaweza kukubaliana na kamati ya mwalo, wanafunzi wa Darasa la Tano na la Sita wakaleta madumu yenye vifuniko, wavuvi wakatoa kamba za mita 10, na kila mahali panapochotwa maji pakaning'inizwa moja. Tarehe 25 Julai, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2021 kuwa Siku ya Kuzuia Vifo vya Kuzama Duniani, ni siku nzuri ya kuyakagua: kamba haijaoza, kifuniko kipo, maji kidogo yamo ndani. Muswada uliandikwa ili mtoto alitafute dumu hilo. Kuhakikisha analikuta ni kazi ya watu wazima.